Umebadilisha laini na WhatsApp imekutoa? Jinsi ya kurudi kwenye simu ileile bila kupoteza meseji

Kosa ni lilelile kila wiki. Mtu anafika kwenye meza yangu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, na laini mpya inayoshika mtandao vizuri, simu yake ileile, na WhatsApp tupu. Nikimuuliza alifanya nini, jibu halibadiliki: "Ilinitoa, nikaifuta nikaiweka upya." Meseji zilikuwa ndani ya simu wakati wote. Aliyeziondoa ni yeye mwenyewe, akidhani anaitengeneza.

Mwongozo huu ni wako ikiwa nambari ni ileile, simu ni ileile, na kilichobadilika ni laini tu: kadi mpya, au umehama kutoka kadi hadi eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayopakuliwa ndani ya simu. Nimeandika zaidi kwa wenye Android kwa sababu ndio wengi wanaonijia. Mwenye iPhone atafuata njia hiyohiyo, na pale inapotofautiana nimesema.

## Vitu viwili visivyoishi mahali pamoja

Akaunti yako ya WhatsApp imefungwa kwenye nambari. Kadi yenyewe haina kazi ila kupokea zile tarakimu sita za uthibitisho. Mtandao ukikupa kadi mpya, nambari ya ndani ya kadi hubadilika lakini nambari yako ya simu inabaki, na WhatsApp huangalia hiyo ya simu.

Meseji nazo ziko kwenye hifadhi ya simu. Haziko kwenye laini, na laini ikifa hazifi nayo. Ndiyo maana laini ikiharibika tu bila wizi, WhatsApp huendelea kufanya kazi kwa waifai kana kwamba hakuna kilichotokea.

Basi ukiona imekutoa, ulichopoteza ni ufunguo wa mlango. Vyombo bado vimo ndani. Kufuta programu ni kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea.

## Unachohitaji

- Kitambulisho chako halisi, si picha yake kwenye simu. Laini isajiliwe kwa jina lako; kama ni la mumeo au mtoto wako, aende yeye.
- Simu yako, ikiwa na chaji ya kutosha na programu ya WhatsApp ikiwa haijaguswa.
- Waifai, au bando kutoka kwa simu ya mtu mwingine. Laini mpya inaweza kukawia kushika intaneti.
- Simu ya pili ya kupigia na, kwa wa eSIM, ya kuonyeshea ile picha ya kuskani.
- PIN yako ya WhatsApp kama uliwahi kuiweka. Hii si ile ya M-Pesa wala ya kufungua simu.
- Nafasi kidogo kwenye kompyuta au flashi ya kuhifadhi nakala.

## Hatua ya 1: Jua kama laini imekufa au imeibwa

Ukiona simu haina mtandao huku jirani aliye kwenye mtandao uleule anaongea, usikimbilie dukani kwanza. Chukua simu ya pili upige nambari yako mwenyewe.

Ukisikia yule dada wa "mteja hapatikani", yaelekea kadi imeharibika tu. Lakini ikiita, na simu yako iko mkononi imenyamaza kimya, basi nambari yako inalia mfukoni mwa mtu mwingine, aliyejifanya wewe akapewa kadi yake mpya. Huo ni wizi, na mpangilio wa kazi unabadilika: kabla ya WhatsApp, piga huduma kwa wateja uombe laini na pesa zifungwe. Kwa wa Safaricom ya malipo ya kabla ni 100 kutoka laini nyingine ya Safaricom. Wapigie na benki. WhatsApp inaweza kusubiri nusu saa, M-Pesa haisubiri.

Kipimo hiki kina udhaifu wake. Mwizi anaweza kuzima simu akishamaliza, kwa hivyo "hapatikani" haikuhakikishii usalama. Ukiona pia WhatsApp imeandika kwamba nambari yako haijasajiliwa tena kwenye simu hii, hesabu kuwa ni wizi.

## Hatua ya 2: Acha programu kama ilivyo, toa nakala

Hapa ndipo watu huangukia. Mambo manne ya kutofanya:

- Usifute WhatsApp.
- Usiguse Clear data au Clear storage kwenye mipangilio ya programu. Kwa meseji zako ni sawasawa na kufuta. Clear cache haina madhara, ila haitasaidia.
- Usitumie Change number. Hiyo ni ya mtu anayehamia nambari tofauti.
- Usisajili nambari ya ndugu "kwa muda" kwenye WhatsApp hiyohiyo. Ukifanya hivyo, meseji za nambari yako huenda usizione tena.

Sasa toa nakala. Kwenye Android, WhatsApp hujiandikia nakala ndani ya simu kila siku saa nane usiku. Fungua programu ya mafaili uende hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Utakuta faili inayoitwa `msgstore.db.crypt14` au `msgstore.db.crypt15`, na nyingine zenye tarehe, za siku chache zilizopita. Nakili kabrasha lote la Databases kwenye kompyuta. Ni nakili, si hamisha. Faili hizo zimefungwa na hazisomeki kwa jicho, lakini siku mambo yakiharibika ndizo zitakazokuokoa.

iPhone haina kabrasha hilo. Huko nakala ni ya iCloud, na ukishatolewa huwezi kutengeneza mpya, kwa hivyo kutofuta programu ndiyo kinga yako kubwa.

Umefaulu hatua hii ukiona kwenye kompyuta faili ya msgstore yenye tarehe ya leo au jana, na ukubwa wake si sifuri.

## Hatua ya 3: Rudisha laini

### Kwa kadi ya kawaida

Nenda na kitambulisho. Watakuuliza maswali ya kuthibitisha wewe ni wewe, kama nambari ulizopiga karibuni. Ukitoka, weka kadi, zima simu na uiwashe.

Usiondoke karibu na duka kabla ya kufanya mambo mawili: mtu akupigie, na mtu akutumie SMS. Laini inaweza kupiga simu huku SMS bado hazijaanza kuingia, na wewe unachohitaji zaidi ni SMS.

### Kwa eSIM

Kwanza hakikisha simu inaikubali. Bonyeza `*#06#`. Ukiona EID pamoja na IMEI, inaikubali. Ukiona IMEI peke yake, yaelekea haina, rudi kwenye kadi.

Unganisha waifai kabla ya kuanza, kwa sababu eSIM hupakuliwa kutoka mtandaoni, na kadi ya zamani inaweza kukata katikati ya kazi. Picha ya kuskani iwe kwenye karatasi au kwenye simu ya pili. Nimeona mtu ametumiwa picha kwenye barua pepe ya simu hiyohiyo, anageuza kamera huku na huku akitafuta jinsi ya kuiskani. Kama huna simu ya pili, chagua kuingiza maelezo kwa mkono. Ndani ya ile picha kuna mstari wa namna hii tu:

```
LPA:1$anwani-ya-seva$nambari-ya-kuwasha
```

Kwenye Samsung ingia Connections, SIM manager, Add eSIM. Simu nyingine za Android huiweka chini ya Network & internet, SIMs. Kwenye iPhone, tafuta Add eSIM kwenye mipangilio ya data ya simu.

Onyo: picha hiyo kwa kawaida hutumika mara moja. Ukishaiwasha eSIM kisha ukaifuta ukidhani utaiskani tena, unarudi foleni. Na kadi ya zamani usiitupe mpaka eSIM ionyeshe mtandao.

Kwa aliyehama kutoka kadi hadi eSIM bila wizi wowote, mara nyingi kazi imeisha hapa. Fungua WhatsApp, mtumie mtu meseji, uone tiki mbili. Haitakuuliza chochote. Kama haijakutoa, usiitafutie dawa.

## Hatua ya 4: Futa uelekezaji wa simu

Hatua hii hairukwi na aliyeibiwa. Mwizi aliyeshika nambari yako anaweza kuwa aliagiza simu zako zielekezwe kwake. Agizo hilo hukaa kwenye mtandao, halikai kwenye kadi, na linaweza kubaki hata baada ya kupata laini mpya. Ukija kuomba WhatsApp ikupigie simu ikusomee tarakimu, yeye ndiye atakayesomewa.

Bonyeza `*#21#` uangalie, kisha `##002#` ufute uelekezaji wote. Ukijibiwa kwamba umefutwa, endelea. Mtandao ukikataa agizo hilo, waombe huduma kwa wateja walifanye upande wao.

## Hatua ya 5: Thibitisha nambari mara moja, kwa utulivu

Fungua WhatsApp ileile. Kwenye ule ujumbe wa kwamba hujasajiliwa, gusa sehemu ya kuthibitisha. Chagua Kenya, andika nambari ukianzia 7 au 1, bila sifuri ya mbele. Isome tena kabla ya kukubali.

Kama uliwahi kuweka passkey, simu inaweza kukuomba alama ya kidole tu na SMS isihitajike. La sivyo, subiri tarakimu sita.

Zisipofika, usigonge tena na tena. Kila ombi huongeza muda wa kusubiri, na muda huo unaweza kufika saa nyingi. Mpe SMS dakika kumi. Zima na uwashe simu, hakikisha SMS nyingine zinaingia, kisha chagua njia ya kupigiwa. Kwa mwenye laini mbili, angalia pia laini iliyofanyiwa kazi ndiyo iliyowashwa. Nimewahi kumkuta mzee amekaa saa nzima akingoja SMS kwenye laini aliyoizima mwenyewe.

Na kama mtu atakupigia akijifanya mhudumu, akuombe tarakimu hizo, kata simu. Hizo ni zako na programu yako tu.

Ukiingiza tarakimu zikakubaliwa, aliyekuwa ameingia kwa nambari yako anatolewa papo hapo. Hili hutokea hata kama skrini inayofuata itakuomba PIN usiyoijua.

Ukifaulu, mazungumzo yanatokea yakiwa yamejaa, kuanzia ya miaka iliyopita. Hutaulizwa urejeshe nakala, kwa sababu hakuna kilichoondoka.

## Hatua ya 6: Ukikuta PIN ambayo hukuiweka

Wezi wanaojua kazi yao huweka PIN ya uthibitisho wa hatua mbili mara tu wanapoingia. Nitaeleza jambo hili kwa kisa cha mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba Gikomba, kwa sababu alipita kila kona yake.

Jumamosi saa nane mchana laini yake ilikata. Alidhani ni mtandao. Saa tisa mteja wake wa Kitengela akampigia jirani yake wa kibanda akiuliza kwa nini mama anaomba elfu tano kwa WhatsApp. Jirani akapiga nambari ya mama, ikaita. Mama akafunga pesa zake kwanza, akaenda dukani na kitambulisho, na saa kumi na moja laini mpya ilikuwa imeshika. Ndipo akaja kwangu.

Tulinakili Databases, tukafuta uelekezaji, tukaomba tarakimu. Zilifika, tukaziingiza. Mwizi akatoka. Kisha skrini ikaomba PIN.

"Kijana wangu, mimi sikuwahi kuweka namba hiyo," akasema.

"Najua, mama. Ameiweka yeye. Usijaribu kubahatisha hata moja."

Tuligusa Forgot PIN? na kukuta kwamba lazima tusubiri siku 7. Hakuna njia ya mkato hapo, na anayekuambia ana njia ya kuifungua kwa elfu mbili anataka elfu mbili zako. Kama mwenye akaunti angekuwa ameweka barua pepe yake mapema, angeweza kubadilisha PIN kupitia hiyo. Yeye hakuwa nayo.

Kinachowatisha watu wakati wa kusubiri ni kwamba programu inabaki kwenye ukurasa wa PIN na meseji hazionekani. Zimo. Ni kama duka lenye shata iliyoshuka. Jumanne binti yake alimwambia aifute aiweke upya "ianze vizuri". Akanipigia kwanza, nikamwomba binti aiache simu. Mwizi naye wakati huo hakuwa ndani: ili arudi alihitaji tarakimu mpya, na laini ilikuwa kwa mama.

Wiki hiyo mama aliwatumia wateja wake SMS za kawaida, na msimamizi wa kikundi chao cha chama akatangaza kwamba maombi yote ya pesa ya Jumamosi yalikuwa ya uongo. Aliyetuma pesa alikuwa mmoja.

Jumamosi iliyofuata tuliomba tarakimu mpya, tukagusa Forgot PIN? tena, na safari hii ikakubali kuondoa PIN. Meseji zote zikarudi, oda za viatu, picha, na sauti za dada yake wa Mombasa, hadi ile ya mwisho kabla ya saa tisa ya siku ya wizi.

Zilizotumwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja hazikuwepo. Zilifika kwenye simu ya mwizi na haziwezi kurudi. Za baadaye nyingine zilionyesha "Waiting for this message", na hizo hufunguka simu ya aliyetuma ikiingia mtandaoni. WhatsApp hushikilia meseji ambayo haijafika kwa siku 30, kwa hivyo wiki moja haiziui.

Mama aliniuliza kama yule mtu alisoma mazungumzo yake ya zamani. Hapana. Kuwa na nambari hakumpi mtu meseji zilizo ndani ya simu yako. Angehitaji pia nakala yako ya Google, yaani akaunti yako ya barua pepe. Alichoona ni vikundi ulivyomo na meseji mpya zilizoingia akiwa ndani.

## Hatua ya 7: Kagua kabla ya kuanza kuandikia watu

Gusa zile nukta tatu za juu, kisha Linked devices; kwenye iPhone iko ndani ya Settings. Kifaa usichokijua, kitoe. Angalia jina na picha ya wasifu, maana mwizi hupenda kuzibadilisha. Pitia vikundi uone kama uliondolewa.

Kisha Settings, Account, Two-step verification. Weka PIN yako na barua pepe. Kama mama wa Gikomba angekuwa na PIN hii kabla ya Jumamosi ile, mwizi ndiye angesubiri siku 7 mlangoni, na laini ingekuwa imerudi siku hiyohiyo.

Kwa upande wa laini, mwenye Safaricom abonyeze `*100*100#` ili laini yake isibadilishwe kwa wakala, ila kwenye maduka ya Safaricom pekee. Bonyeza pia `*106#` uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

## Kama tayari uliifuta

Usiifungue haraka. Weka WhatsApp kutoka Play Store lakini usianze usajili. Angalia kama kabrasha la Databases bado lipo. Kwenye simu nyingi hubaki hata programu ikifutwa. Likiwepo, linakili kwanza.

Hakikisha akaunti ya Google iliyo kwenye simu ndiyo iliyokuwa ikihifadhi nakala. Wengi wana mbili, na nakala iko kwenye ile ya pili. Sasa sajili nambari ileile na ukubali ruhusa za mafaili zinazoombwa. Utaulizwa kama unataka kurejesha: gusa Restore. Skip ndiyo kitufe kilichowaliza watu wengi kwenye meza yangu.

Ukirejesha kwa nakala ya ndani, utapata kila kitu hadi saa nane ya usiku ule wa mwisho WhatsApp ilipoandika nakala. Meseji za mchana uliofuata zimekwenda. Na kama uliwahi kufunga nakala kwa nywila au ule ufunguo wa tarakimu 64, utauhitaji hapo. Bila huo hata WhatsApp wenyewe hawawezi kuifungua.

Kama uligusa Skip, nakili kwanza kabrasha la Databases, kisha futa programu tena leo hii. Kila usiku unaopita, WhatsApp tupu hujiandikia nakala tupu, na nakala za zamani ndani ya simu huondolewa moja baada ya nyingine. Baada ya kuiweka upya na kabla ya kusajili, ingia Databases, iondoe `msgstore.db.crypt14` ya sasa, na faili yenye tarehe ya kabla ya mkasa uipe jina hilo. Mfano:

```
msgstore-2025-03-08.1.db.crypt14
```

Ibaki `msgstore.db.crypt14`. Kama yako inaishia na crypt15, iache crypt15. Usibadilishe mkia wake. Sajili, gusa Restore, na usiifunge skrini mpaka imalize kuhesabu meseji.